Ubungo hadi Posta kwa chaki: kufuatilia njia fupi kwa mkono

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza mliojibanza huko nyuma karibu na mlango, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie njia fupi kwenye grafu yenye uzito. Projekta ipo, nashukuru walioifunga, lakini leo naomba ubao na chaki tu. Kompyuta hutoa jibu kabla hujapepesa jicho, na hapo ndipo mwanafunzi anapopitwa na kitu. Mtihani unakuja na swali la "fuatilia kwa mkono", anajaza namba nane, jibu la mwisho linatokea kuwa sahihi au la, naye hajui kwa nini. Nataka tukitoka humu kila mmoja aweze kufanya mambo mawili: kuufuatilia mchoro bila kupotea, na kumthibitishia jirani yake mbishi kwamba njia aliyoipata haina mpinzani.

Tuchore. Vituo nane vya hapa Dar es Salaam: Ubungo, Mwenge, Magomeni, Morocco, Buguruni, Tazara, Kariakoo na Posta. Kwenye vitabu vituo huitwa nodi au vipeo, na mistari inayoviunganisha huitwa kingo. Mimi nitasema vituo na barabara, mtanielewa. Uzito wa kila barabara ni dakika za gari la kawaida asubuhi ya foleni. Dakika hizi nimezipanga mwenyewe ili hesabu ikae ubaoni, kwa hiyo dereva wa daladala asije akanishika shati. Na kwa kurahisisha, kwenda na kurudi ni dakika zilezile, ingawa anayeingia mjini saa moja asubuhi anajua hilo si kweli.

```
Ubungo – Mwenge       10
Ubungo – Buguruni     12
Ubungo – Magomeni     35
Mwenge – Morocco       9
Morocco – Magomeni     7
Morocco – Posta       22
Buguruni – Tazara      6
Buguruni – Kariakoo   22
Tazara – Kariakoo     13
Magomeni – Kariakoo   10
Kariakoo – Posta       8
```

Barabara kumi na moja. Swali: kutoka Ubungo hadi Posta, njia ipi ina jumla ndogo ya dakika?

Mwenye haraka atasema nyoosha Barabara ya Morogoro: Ubungo, Magomeni, Kariakoo, Posta. Ni 35 na 10 na 8, jumla 53. Mwingine, mjanja kidogo, atasema kila ukifika kituo, tazama barabara fupi kuliko zote inayotoka hapo kwenda mahali ambapo hujafika, uifuate. Tumjaribu. Ubungo barabara fupi ni ya Mwenge, 10. Mwenge inakwenda Morocco, 9. Morocco barabara fupi ni ya Magomeni, 7. Magomeni kwenda Kariakoo 10, Kariakoo kwenda Posta 8. Jumla 44. Ni nafuu kuliko 53, naye anatembea kifua mbele. Lakini hajashinda, na kosa lake ndilo ninaloliona kwenye karatasi za majibu kuliko jingine lolote, kwa hiyo tutalirudia.

Njia tutakayotumia ni ya Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyezaliwa Rotterdam mwaka 1930. Mwaka 1956 alikuwa akifanya kazi kwenye Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, ambako kulikuwa na kompyuta mpya iliyoitwa ARMAC, na ilitakiwa maonyesho ambayo hata mtu asiyejua hisabati angeyaelewa. Akachagua swali la njia fupi kati ya miji miwili ya Uholanzi, kwenye ramani iliyopunguzwa ikabaki na miji 64. Kwa nini 64? Kwa sababu biti sita zinatosha kuipa kila mji namba yake. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kanuni hiyo aliitunga kwa dakika kama ishirini, amekaa na mchumba wake kwenye mgahawa wa Amsterdam wakinywa kahawa, bila kalamu wala karatasi. Aliichapisha mwaka 1959 katika makala ya kurasa tatu tu. Nawaambia haya ili mjue kwamba kanuni hii ilizaliwa kichwani, si kwenye mashine, kwa hiyo kuifuatilia kwa mkono si adhabu aliyoibuni mwalimu.

Sasa, kanuni yenyewe. Kila kituo tunakipa lebo, yaani namba ya dakika kutoka Ubungo. Lebo zina hali mbili. Ya kwanza ni lebo ya muda: "kwa njia nilizokwisha kuziona, naweza kufika hapa kwa dakika hizi." Ya pili ni lebo ya kudumu: "hakuna njia duniani itakayonifikisha hapa mapema zaidi." Lebo ya muda ni kama bei anayoanza nayo muuza viatu Kariakoo: inaweza kushuka, kupanda haipandi. Lebo ya kudumu naizungushia mraba, na ikishazungushiwa haiguswi tena.

Kazi ni kurudia hatua mbili. Kwanza, katika lebo zote za muda zilizoko ubaoni, chagua ndogo kuliko zote uizungushie mraba. Zote, narudia, si zile za majirani wa kituo ulichokifunga sasa hivi. Pili, simama kwenye kituo hicho ulichokifunga, utazame majirani wake ambao hawajafungwa. Chukua lebo ya kituo ulipo, ongeza uzito wa barabara. Kama jumla ni ndogo kuliko lebo ya jirani, ikate ya zamani kwa mstari, andika mpya, na pembeni yake andika umetokea wapi. Kama si ndogo, acha. Usifute kwa dasta! Ikate kwa mstari mmoja tu, ili mimi ninayesahihisha nione ilikuwa ngapi.

Tuanze. Ubungo ina 0, tunaifunga. Majirani wake ni watatu: Mwenge inapata 10, Buguruni 12, Magomeni 35, zote "kutoka Ubungo". Vituo vingine bado havina lebo, tuseme ni mbali kupita kiasi.

Lebo ndogo ya muda ni 10 ya Mwenge. Funga Mwenge. Jirani wake aliyebaki ni Morocco: 10 na 9, anapata 19.

Hapa simameni kidogo. Ubaoni kuna lebo tatu za muda: Buguruni 12, Morocco 19, Magomeni 35. Yule mjanja wetu wa mwanzo angeondoka Mwenge kwenda Morocco, kwa kuwa miguu yake iko Mwenge. Sisi hatutembei. Sisi tumekaa juu tunatazama ubao mzima, na ndogo kuliko zote ni Buguruni, upande wa pili kabisa wa mchoro. Tunaruka tunaifunga Buguruni kwa 12. Kuruka huku ndiko kunakowasumbua wengi, kwa sababu macho hufuata mstari uliochorwa. Dawa yake ni kuacha kutazama mchoro wakati wa kuchagua. Andika lebo kwenye orodha pembeni, na uchague kutoka kwenye orodha. Mchoro utautazama wakati wa kutafuta majirani tu.

Kutoka Buguruni, Tazara inapata 12 na 6, yaani 18. Kariakoo inapata 12 na 22, yaani 34.

Ndogo sasa ni Tazara, 18. Funga. Kutoka Tazara kwenda Kariakoo ni 13, jumla 31. Kariakoo ilikuwa na 34. Thelathini na moja ni ndogo, basi kata 34, andika 31, na pale palipoandikwa "Buguruni" andika "Tazara". Wengi hukumbuka kubadili namba na kusahau kubadili jina. Mwishoni jumla yao inakuwa sahihi lakini njia wanayoitaja haina jumla hiyo.

Inayofuata ni Morocco, 19. Funga. Magomeni kupitia Morocco ni 19 na 7, yaani 26. Ilikuwa 35 kwa njia ya moja kwa moja. Kata, andika 26, kutoka Morocco. Barabara moja iliyonyooka imeshindwa na barabara tatu za kuzunguka, 10 na 9 na 7. Idadi ya barabara haituhusu, tunahesabu dakika. Na Posta inapata lebo yake ya kwanza: 19 na 22, yaani 41.

Tumefika Posta? Mkono juu anayesema tumefika... Naona mikono kama sita. Haya, shusheni. Posta ina lebo, lakini haina mraba. Arobaini na moja ni bei ya kuanzia. Ubaoni bado kuna Magomeni yenye 26 na Kariakoo yenye 31, zote ni ndogo kuliko 41, na mojawapo inaweza kuwa na barabara fupi ya kwenda Posta. Tunasimama Posta inapofungwa, si inapopata lebo.

Funga Magomeni kwa 26. Kupitia yeye, Kariakoo ingekuwa 36, lakini ina 31, hatuigusi. Funga Kariakoo kwa 31. Kutoka hapo Posta ni 31 na 8, yaani 39. Kata 41, andika 39, kutoka Kariakoo. Imebaki Posta peke yake. Funga.

Ubao wetu sasa unasomeka hivi, nikiviorodhesha vituo kwa mpangilio tuliovifunga:

```
Ubungo      0
Mwenge     10   (Ubungo)
Buguruni   12   (Ubungo)
Tazara     18   (Buguruni)
Morocco    19   (Mwenge)
Magomeni   35, 26   (Morocco)
Kariakoo   34, 31   (Tazara)
Posta      41, 39   (Kariakoo)
```

Njia inasomwa kinyumenyume kwa majina ya pembeni: Posta kutoka Kariakoo, Kariakoo kutoka Tazara, Tazara kutoka Buguruni, Buguruni kutoka Ubungo. Dakika 12, 6, 13 na 8, jumla 39. Mjanja aliyetembea kwa barabara fupifupi alipata 44, na aliyesimama kwenye lebo ya kwanza ya Posta angeondoka na 41.

Tazameni pia lebo za kudumu kutoka juu kwenda chini: 0, 10, 12, 18, 19, 26, 31, 39. Hazishuki. Hii ni alama nzuri ya kujikagua ukiwa katikati ya kazi. Ukifunga kituo kwa 19 halafu kinachofuata ukakifunga kwa 18, simama hapohapo. Ama ulichagua vibaya, ama umejumlisha vibaya, au kuna uzito hasi kwenye mchoro, jambo ambalo nitalifikia.

Lakini ni nani aliyetupa ruhusa ya kufunga? Tulipoifunga Tazara kwa 18, hatukuwa tumeziona njia zote za Tazara. Barabara ya Tazara na Kariakoo hatukuwa tumeitazama hata kidogo. Huenda kuna njia ya kuzunguka inayoingia Tazara kwa kupitia Kariakoo kwa dakika 17? Fikirini hivi. Wakati ule vituo vilivyofungwa ni Ubungo, Mwenge na Buguruni. Njia yoyote nyingine ya kwenda Tazara lazima mahali fulani itoke kwenye vituo vilivyofungwa na kuingia kituo cha kwanza ambacho hakijafungwa. Kama kituo hicho ni Tazara yenyewe, basi njia hiyo tumekwisha kuihesabu. Kama ni kingine, mfano Morocco au Kariakoo, basi kufika hapo tu ni dakika zisizopungua lebo yake ya muda, na lebo zote za muda ni 18 au zaidi, kwa maana 18 ndiyo ndogo tuliyoichagua. Ukishafika hapo kwa 18 au zaidi, barabara zilizobaki zitakuongezea dakika, hazitakupunguzia. Basi huwezi kufika Tazara kwa 17. Ruhusa yote ya kufunga imesimama juu ya sentensi hiyo moja: barabara zilizobaki hazipunguzi.

Ndiyo maana uzito hasi unavunja kila kitu. Hasi si ndoto. Uzito ukiwa ni fedha badala ya dakika, safari yenye abiria hukulipa, na malipo ni gharama hasi. Chukueni mchoro mdogo wa mishale. Kutoka A kwenda B ni 5, kutoka A kwenda C ni 8, kutoka C kwenda B ni hasi 6, na kutoka B kwenda D ni 1. Ukifuata kanuni, B inafungwa kwa 5, D inafungwa kwa 6, kisha C kwa 8. Sasa kutoka C unaona B ingekuwa 8 toa 6, yaani 2. Lakini B ina mraba, na D ilishajengwa juu ya ile 5. Jibu sahihi la D ni 3, karatasi yako inasema 6, na hakuna hata hatua moja uliyokosea kujumlisha.

Mara nyingi hapa hutokea mtu akasema: tuongeze 6 kwa kila mshale, hasi zitaisha. Tujaribu. A kwenda B inakuwa 11. A kwenda C inakuwa 14, na C kwenda B inakuwa 0, kwa hiyo kupitia C ni 14. Sasa njia ya moja kwa moja imeshinda, wakati kwa gharama halisi ilikuwa 5 dhidi ya 2. Kisa ni kwamba njia yenye mshale mmoja imeongezewa 6, na yenye mishale miwili imeongezewa 12. Hukuongeza sawa, umetoza faini kila mshale. Palipo na hasi, tumieni kanuni ya Bellman na Ford, ambayo haifungi lebo mapema. Inapitia mishale yote, inarudia tena na tena. Ni kazi ndefu zaidi kwa mkono, ila haidanganyi.

Sasa yule jirani mbishi. Anakuja anasema: sikuamini, na sina muda wa kufuata hatua zako nane. Mpe lebo za kudumu na orodha ya barabara, basi. Mwambie achukue barabara moja moja, atoe lebo ndogo kwenye lebo kubwa ya ncha zake mbili, alinganishe na uzito. Ubungo na Magomeni: tofauti 26, uzito 35. Magomeni na Kariakoo: tofauti 5, uzito 10. Buguruni na Kariakoo: tofauti 19, uzito 22. Morocco na Posta: tofauti 20, uzito 22. Barabara saba zilizobaki tofauti ni sawasawa na uzito. Hakuna hata moja ambayo tofauti imezidi uzito.

Hilo linatosha kabisa, na naomba mlione kwa nini. Njia yoyote ya kutoka Ubungo hadi Posta, hata iwe ya kuzungukazunguka vipi, inaanza kwenye lebo 0 na kuishia kwenye lebo 39. Kila barabara unayopita inaweza kuipandisha lebo kwa kiasi kisichozidi dakika zake. Basi ili upande kutoka 0 hadi 39, dakika ulizotumia haziwezi kuwa chini ya 39. Na sisi tunayo njia moja ya 39 hasa. Mbishi hakuhitaji kumjua Dijkstra, wala kuniamini mimi. Amefanya kutoa kumi na moja na kujumlisha mara moja. Hata lebo hizo zingekuwa zimeota kwenye ndoto ya mtu, ukaguzi ungebaki vilevile.

Walimu, mkisahihisha makaratasi mia, anzeni na ukaguzi huu. Mwanafunzi aliyesimama mapema akaiachia Posta 41 atajulikana mara moja: Kariakoo 31 na Posta 41, tofauti 10, barabara ya dakika 8. Imezidi. Barabara inayozidi inakuonyesha mahali kosa lilipo, halafu unarudi kwenye namba zilizokatwa kuona lilianzaje. Ndiyo sababu ya kukataza dasta.

Kuna mwalimu hapa mbele ameuliza swali zuri wakati wa maandalizi: je, foleni ya Barabara ya Morogoro ikipungua kati ya Ubungo na Magomeni, tunaanza upya? Si lazima. Weka x mahali pa 35. Njia ya kupitia huko hadi Posta ni x na 10 na 8, yaani x na 18, na itaishinda 39 pale tu x inapokuwa chini ya 21. Ikishuka kutoka 35 hadi 30, hakuna lebo hata moja inayobadilika, kwa kuwa Magomeni ina 26 kupitia Morocco. Ikishuka hadi 24, lebo ya Magomeni inakuwa 24 na jina la pembeni linakuwa Ubungo, lakini Kariakoo kupitia huko ingekuwa 34, haiishindi 31, na wa Posta anaendelea kupita Buguruni. Ikiwa 21 kamili, njia zinafungana kwa 39, chagua yoyote. Ikiwa 20, rudini ubaoni, maana hapo Kariakoo inakuwa 30 kutoka Magomeni na Posta inakuwa 38.

Chaki ipo hapa. Anayetaka kuijaribu kwa kuanzia Morocco badala ya Ubungo, aje mbele.